Neno Moja Halitoshi: Kuchora Ramani ya Mawazo ya Mhadhara wa Afya

Mhadhara wa afya uliorekodiwa husafiri mbali kuliko mhadhiri wake. Hutolewa ukumbini asubuhi, na kabla ya wiki kwisha huwa umefika kwenye simu za wauguzi wa zahanati, za wagonjwa na za jamaa zao. Hata hivyo, ni wachache wanaoweza kukaa dakika 95 wakisikiliza sauti inayokatizwa na vikohozi vya ukumbini na mlio wa feni. Ndipo mtu mmoja katika kundi hujitolea kutengeneza muhtasari, na mara nyingi muhtasari huo huwa ramani ya mawazo: mada katikati ya karatasi, matawi makuu yakitoka pande zote, na hoja saidizi zikichipuka kutoka kwenye matawi hayo. Wengi wa wanaoipokea karatasi hiyo hawatausikiliza mhadhara kamwe. Kwao, ramani ndiyo mhadhara.

Kwa sababu hiyo, mchoraji wa ramani ya somo la tiba hana budi kuivunja kanuni inayofundishwa sana katika uchoraji wa ramani za aina hii, yaani kanuni ya kuandika neno moja tu juu ya kila tawi. Kanuni hiyo humfaa anayejikumbusha alichokwisha kukijua. Humpotosha yule ambaye hakuwapo.

Asili ya kanuni ya neno moja

Ramani ya mawazo kwa sura yake ya sasa ilienezwa na Mwingereza Tony Buzan, hasa kupitia vipindi vyake vya televisheni ya BBC vya mwaka 1974. Buzan alisisitiza picha katikati, rangi nyingi, mistari inayopinda, na neno moja juu ya kila mstari. Nia yake ilikuwa kuiamsha kumbukumbu: neno moja humkumbusha mwandishi mambo mengi aliyonayo kichwani tayari.

Katika muongo huohuo, Joseph Novak wa Chuo Kikuu cha Cornell nchini Marekani alikuwa akitafuta njia ya kuonyesha kile watoto wanachokielewa katika masomo ya sayansi. Michoro aliyoibuni yeye na wenzake ilitofautiana na ile ya Buzan kwa jambo moja kubwa. Juu ya mstari unaounganisha dhana mbili, Novak alitaka yaandikwe maneno ya kiungo, kama vile “husababisha”, “huhitaji” au “huzuia”, ili dhana hizo mbili zikisomwa pamoja ziwe sentensi inayoweza kuwa kweli au uongo.

Hapo ndipo penye tofauti inayowahusu wahudumu wa afya na wagonjwa. Neno “insulini” haliwezi kuwa kosa, kwa kuwa halidai kitu. Sentensi “anayeumwa asikate insulini” inadai jambo. Inaweza kukaguliwa, kubishiwa na kufuatwa. Ramani ya mhadhara wa afya ibaki na umbo la Buzan, ambalo ni rahisi kwa jicho, lakini ijazwe sentensi fupi kwa namna ya Novak.

Mhadhara mmoja, dakika kwa dakika

Ichukuliwe rekodi ya mhadhara wa dakika 95 kuhusu matumizi ya insulini nyumbani, uliotolewa katika kliniki ya kisukari mbele ya wauguzi, wagonjwa na ndugu zao. Mhadhiri ni mzoefu, na kama walimu wengi wazuri, hafuati mstari ulionyooka. Dakika saba za kwanza ni salamu na utangulizi. Hadi dakika ya 19 anaeleza kazi ya insulini mwilini. Kutoka dakika ya 20 anafundisha kupima sukari, na katika dakika ya 22 anataja kwamba kipimo kilicho chini ya milimoli 3.9 kwa lita ni sukari iliyoshuka. Dakika ya 32 hadi ya 46 ni utunzaji wa chupa na uchomaji wa sindano. Dakika ya 47 hadi ya 55 ni namna ya kumsaidia mtu ambaye sukari yake imeshuka. Kisha anasimulia kisa cha mgonjwa aliyeacha insulini kwa sababu alikuwa akiharisha na hakula, na katika dakika ya 58 anatamka onyo lake kuu. Dakika ya 64 hadi ya 76 ni utunzaji wa miguu. Dakika zilizobaki ni za maswali: la metformini katika dakika ya 79, la sukari kushuka usiku katika dakika ya 84, na la kutunza insulini mahali pasipo na friji katika dakika ya 90.

Mpangilio huu wa dakika ndio zao la usikilizaji wa kwanza. Mchoraji husikiliza rekodi nzima bila kuisimamisha, akiwa na karatasi yenye safu mbili: saa upande mmoja, jambo linalozungumzwa upande wa pili. Haandiki hoja bado. Anatafuta zamu za mhadhara, yaani pale msemaji anapogeuka, na zamu hizo zina dalili zake: “sasa tuje kwenye”, “jambo jingine”, kimya kirefu, au swali kutoka kwa msikilizaji. Kwa mhadhara wa kiasi hiki, mistari 20 hadi 25 inatosha. Anayeanza kuchora matawi mapema, rekodi ikiwa bado dakika ya kumi, hulazimika kuyapachika mambo ya dakika ya 79 popote penye nafasi. Dalili ya kosa hilo huonekana mwishoni: kunazuka tawi liitwalo “Mengineyo”, nalo limebeba majibu ya maswali, ambayo mara nyingi ndiyo sehemu yenye manufaa kuliko zote.

Swali katikati, madai kwenye matawi

Baada ya hapo huja uamuzi mgumu kuliko mingine, nao ni wa nini kiandikwe katikati. Wengi huandika jina la ugonjwa, “Kisukari”. Jina la ugonjwa huwa na tabia ya kuita matawi yaliyozoeleka: Maana, Visababishi, Dalili, Matibabu, Kinga. Matawi hayo huweza kuchorwa hata kabla ya rekodi kufunguliwa, na yangefaa vilevile kwa malaria au kifafa. Kiunzi kinachouenea kila ugonjwa hakimwambii msomaji lolote kuhusu mhadhara huu.

Badala yake, katikati pakae swali ambalo mhadhara unalijibu. Kwa mfano huu, swali ni: mtu anayetumia insulini nyumbani afanye nini ili asidhurike? Mara swali hili linapoandikwa, ile mistari 20 na kitu hujipanga yenyewe. Kila mstari huulizwa unajibu sehemu gani ya swali, na inayojibu sehemu moja huwekwa pamoja, hata kama imetenganishwa na saa nzima ya mazungumzo. Dakika ya 22, ya 47 na ya 84 hukutana kwenye tawi moja la sukari kushuka. Dakika ya 32 na ya 90 hukutana kwenye utunzaji wa dawa. Maelezo ya dakika ya 8 hadi ya 19 kuhusu kazi ya insulini hayapati tawi lake, kwa sababu yenyewe ni sababu za mambo mengine. Yanagawanywa yawe hoja saidizi kila panapohitajika.

Hivyo hupatikana matawi makuu matano, nayo yanaandikwa kama madai. Kila hatua ianze na kipimo. Insulini isiyotunzwa vizuri hupoteza nguvu. Sukari ikishuka, kwanza apewe sukari ya haraka. Anayeumwa asikate insulini. Mguu usiohisi ukaguliwe kwa macho kila siku. Mtu asiyesoma zaidi ya mistari hii mitano atakuwa tayari amepata kitu cha kufanya. Angesoma “Vipimo, Utunzaji, Hypo, Ugonjwa, Miguu” angepata orodha ya vichwa vya habari tu.

Idadi ya matawi si siri ya nambari, ila kuna namna ya kujua kama mgawanyo ni sahihi. Tawi lenye hoja moja tu ni hoja saidizi iliyokosea njia. Litafutiwe tawi la kuegemea. Tawi lenye hoja kumi kwa kawaida ni mawili yaliyogandamana. Na kama matawi yote yamefuatana kwa utaratibu uleule wa dakika za rekodi, kuna uwezekano mkubwa kwamba mchoraji amenakili mtiririko wa usemi bila kuupanga upya.

Hoja saidizi zenye masharti yake

Usikilizaji wa pili ni wa vipande. Mchoraji hurudi kwenye dakika alizoziandika, tawi baada ya tawi, na kwa kila dai hutafuta mambo manne: sababu yake, kipimo au kiasi chake, sharti lake, na tahadhari yake. Sharti ndilo linalopotea kwanza katika ramani za neno moja. Msemaji husema “isipokuwa”, “mradi tu”, “kama hajazimia”, na maneno hayo madogo hayapati nafasi juu ya tawi kwa kuwa hayaonekani kuwa maneno muhimu.

Tawi la sukari kushuka linaonyesha hatari hiyo. Mafundisho yenyewe ni mepesi: mgonjwa apewe gramu 15 za sukari ya haraka, kama vile vijiko vitatu vya chai vya sukari katika maji, asubiri dakika 15, apime tena, na kama bado yuko chini ya 3.9 arudie, akishapanda, ale chakula. Ramani ya neno moja ingeandika “Sukari, 15, 15”. Lakini katika dakika ya 53 mhadhiri aliongeza sharti: haya yote ni kwa mtu anayeweza kumeza. Aliyepoteza fahamu asitiwe chochote mdomoni, kwani kinaweza kuingia katika njia ya hewa. Alazwe kwa ubavu na kukimbizwa hospitali. Sharti hilo haliwezi kuwa kijitawi cha mwisho chini ya mengine. Linaandikwa kwanza, kabla ya kiasi, kwa sababu msomaji aliye katika taharuki hushika kile alichokisoma kwanza.

Tawi la kuugua ndilo linalohitaji uangalifu kuliko yote, nalo likikamilika husomeka hivi:

Anayeumwa asikate insulini (dk. 58)
– Sababu: mwili unaopambana na ugonjwa hutoa homoni zinazopandisha sukari, hata kama mgonjwa hajala (dk. 12, 59).
– Kipimo: apime sukari kila baada ya saa nne, usiku na mchana (dk. 61).
– Sharti: kiasi cha insulini kinaweza kubadilishwa, lakini kwa maelekezo ya kliniki yake (dk. 62).
– Tahadhari: akitapika bila kukoma, akipumua haraka na kwa kina, au akiwa mzito wa kuamka, apelekwe hospitali mara moja (dk. 62).
– Mshale kwenda tawi la sukari kushuka: kipimo kikiwa chini ya 3.9, tawi lile lifuatwe kwanza.
– Mshale kwenda jibu la dakika ya 79: anayemeza metformini na anatapika au kuharisha, metformini ndiyo husimamishwa kwa muda, na awasiliane na kliniki.

Mishale miwili ya mwisho ndiyo iliyobeba uzito wa karatasi nzima. Onyo la kutokata insulini lilitolewa katika dakika ya 58, na jibu la kusimamisha metformini katika dakika ya 79. Ukumbini, dakika 21 zilizotenganisha kauli hizo zilimpa kila msikilizaji nafasi ya kuzielewa mbali mbali. Kwenye ramani ya neno moja, zote mbili zingeishia kuwa “Kutapika: dawa, acha”. Mgonjwa wa kisukari aina ya kwanza akilifuata neno hilo kwa insulini yake, damu yake huanza kujaa asidi ya ketoni, na hali hiyo huua. Mwenye kuendelea kumeza metformini huku akipoteza maji mengi mwilini naye yuko hatarini, kwa kuwa figo zikidhoofika dawa hiyo hujilimbikiza na asidi ya laktiki huweza kupanda. Amri mbili zilizo kinyume, kwa mtu yuleyule, katika siku ileile: matawi yaliyotenganishwa bila mshale hayawezi kuzibeba.

Kuna jambo moja ambalo halipaswi kuandikwa kabisa, nalo ni kipimo cha insulini cha mtu fulani kilichotajwa na mhadhiri kama mfano. Mahali pake paachwe mstari mtupu wenye maneno “kiasi nilichoandikiwa na kliniki”. Vivyo hivyo kisa cha mgonjwa kiingie kwa fundisho lake tu, bila umri, kijiji wala kazi ya mhusika, maana karatasi hii itapita mikono ambayo haikukusudiwa.

Kuihakiki ramani

Dakika zilizoandikwa kando ya kila hoja zina kazi yake. Ramani ikishakamilika, mchoraji huifungua rekodi kwa mara ya tatu na kwenda moja kwa moja kwenye kila dakika yenye nambari au katazo. Hasikilizi kingine. Kwa mhadhara huu ni sehemu zisizozidi kumi na tano, na hapo ndipo hugunduliwa kwamba nambari fulani ilisikika vibaya, au kwamba mhadhiri alisema “kwa kawaida” na ramani imesema “daima”. Kauli ya mashaka ibaki na mashaka yake. Kama msemaji alisema jambo “huenda” likasaidia, neno “huenda” liandikwe.

Uhakiki wa mwisho hauhitaji rekodi. Ramani hupewa mtu ambaye hakusikia mhadhara, kisha huulizwa swali la maisha. Muuguzi anaweza kumuuliza ndugu wa mgonjwa: “Dada, mdogo wako anatapika tangu alfajiri na hajala kitu. Anatumia insulini. Utafanyaje?” Kama kidole chake kinakwenda kwenye tawi la kuugua, kikafuata mshale, na akajibu kwamba atapima kwanza, hatakata insulini, ataangalia kama kuna metformini, na ataipigia kliniki simu, ramani imefaulu. Kama ameanza kutafuta huku na huko, au amejibu kwamba ataiacha sindano hadi mdogo wake ale, mwenye kurekebishwa ni mchoraji.

Pingamizi mbili

Wapo watakaosema kwamba ramani iliyojaa sentensi hupoteza ule wepesi ulioifanya ipendwe, na kwamba mwanafunzi anayejiandaa kwa mtihani hukumbuka vizuri zaidi neno moja lenye rangi. Kwa mwanafunzi huyo pingamizi hili ni sahihi. Yeye amekwisha kuusikia mhadhara, na neno humrudisha kwenye maarifa aliyonayo. Achore ramani yake ya neno moja na aiweke daftarini. Kosa huanza pale anapoipiga picha na kuisambaza, kwa sababu mpokeaji hana kitu cha kurudishwa kwacho. Wepesi kwa mpokeaji hupatikana kwa kupunguza matawi na kuacha nafasi nyeupe, na kwa kuigawa karatasi ikizidi kujaa: ramani moja ya matawi makuu, na nyingine kwa tawi linalohitaji upana.

Pingamizi la pili lina nguvu zaidi. Kwa nini kuchora, ilhali mambo haya yangeweza kuandikwa kama orodha ya kawaida? Kwa sehemu kubwa ya mhadhara, orodha ingetosha, na palipo na hatua zinazofuatana, kama kuchoma sindano, orodha yenye nambari ni bora kuliko matawi. Utunzaji wa miguu nao ungekaa vizuri katika orodha. Ramani inastahili kazi yake pale tu ambapo mambo yaliyosemwa mbalimbali yanamwangukia mtu mmoja kwa wakati mmoja, kama kutapika kunavyogusa kipimo, insulini, metformini na safari ya hospitali. Mhadhara usio na mishale ya namna hiyo hauhitaji ramani, na mchoraji mwaminifu atakubali kuandika orodha.

Kinachobaki ni suala la nani abebe kazi hii. Kusikiliza mara tatu, kupanga na kuhakiki humchukua mtu sehemu kubwa ya siku, na kwa sasa mzigo huo hubebwa na yeyote mwenye moyo wa kujitolea, ambaye huenda si mtaalamu wa somo lenyewe. Taasisi zinazorekodi mihadhara na kuisambaza kwa umma zinapaswa kuuchukua mzigo huo. Kila rekodi itoke pamoja na ramani ya ukurasa mmoja, yenye dakika kando ya kila hoja, iliyosomwa na kukubaliwa na mhadhiri mwenyewe, na yenye tarehe ya mhadhara juu yake ili msomaji wa miaka ijayo ajue umri wa mafundisho anayoyashika. Mhadhiri aliyetumia dakika 95 kueleza kwa uangalifu ni lini dawa ikatwe na ni lini isikatwe ana haki ya kuhakikisha kwamba, maneno yake yakifika kijijini, bado yana “isipokuwa” yake.